Piksi, bobu au bobu ndefu? Kisa cha nywele za singa zilizolala

Alifika saa nne asubuhi, Jumamosi ya katikati ya masika, mtandio umerowa mabegani na simu iko mkononi tayari. Hajakaa kitini ameshanifungulia picha: mwanamke aliyekatwa nywele fupi mpaka masikio yote yanaonekana, utosini zimesimama kama zinazopulizwa na feni kutoka chini. "Dada, nataka hivi hivi. Nimezichoka hizi." Akavua mtandio, akachomoa kibanio, na nywele zikaanguka mgongoni kimya kimya, kama kanga ya hariri inavyoteleza kwenye kamba.

Saluni yangu ni chumba kimoja tu Mkunazini, mjini Unguja, pazia zito mlangoni, wanaume hawaingii. Wateja wangu wengi nawasuka au nawatia dawa. Wenye nywele za singa ni wachache, lakini wakija huja na lalamiko moja: nyembamba, zimelala, hazijai. Huyu alikuwa mwalimu wa skuli ya msingi, miaka 32, anakaa Mwera, mtoto wake wa kwanza ana miezi minane. Alikuja na ushauri wa watu wanne. Shoga yake wa skulini kamwambia bobu. Dada yake kamwambia bobu ndefu, asije akajuta. Simu imemwambia piksi. Mama mkwe kasema asikate kabisa, azidishe mafuta ya nazi. Huyo wa mwisho ndiye niliyetofautiana naye zaidi, ingawa kwenye hayo mafuta alikuwa na haki yake kidogo, tutafika huko.

Kwanza tuelewane majina. Bobu ni mkato wa mstari mmoja unaozunguka kichwa, ncha zote zinatua pamoja mahali fulani baina ya ndewe ya sikio na kidevu. Bobu ndefu ni mstari ule ule ulioshushwa, kutoka chini ya kidevu mpaka kwenye mtulinga. Piksi si mstari tena. Ni nywele fupi kichwa kizima, sentimita 2 au 3 kisogoni na pembeni, 6 mpaka 8 utosini, na kila unywele unasimama kwa nguvu zake wenyewe, hauna mwenzake wa kumuegemea.

Hizo nguvu ndizo zenye kazi kubwa katika kisa hiki. Unywele ni kama ufito. Ukiwa na nusu ya unene wa mwenzake, uzito wake ni robo, lakini ukakamavu wake haushuki kwa kiasi hicho hicho. Unashuka mpaka sehemu moja ya 16. Ndiyo maana unywele mwembamba hujikunja na kulala kwa uzito wake mwenyewe, hata kama ni mwepesi kuliko wa jirani. Kadiri unavyorefuka ndivyo unavyojivuta chini kuanzia kwenye ngozi. Kwa hiyo kukata kunasaidia kweli, si ndoto za wateja. Swali ni kukata kiasi gani, na hapo ndipo watu wanapokosea, kwa sababu wanadhani kama kupunguza kunasaidia, basi kupunguza sana kutasaidia sana.

Kabla ya mkasi nilitaka kujua jambo moja: nywele zake ni nyembamba, au ni chache, au vyote viwili? Mwenye nywele hutumia neno moja kwa hali zote hizo, na msusi asipotenganisha atakata kwa kubahatisha. Wembamba ni wa unywele mmoja mmoja. Uchache ni wa idadi yao kichwani. Mtu anaweza kuwa na nywele nyembamba mno lakini nyingi kama majani ya mchaichai, na mwingine akawa na nywele nene zilizoachana.

Wembamba niliupima kwa vidole. Niliokota unywele mmoja begani mwake, nikafumba macho, nikauviringisha baina ya kidole gumba na cha shahada. Mnene unausikia kama uzi wa kushonea. Wa kati unausikia kidogo. Wake sikuusikia kabisa. Ilibidi nifumbue macho nione kama bado ninao. Wingi niliupima kwa futi ya fundi cherehani: nikazifunga nywele mkia kisogoni, zikiwa kavu, nikazungusha futi kwenye shina la mkia. Chini ya sentimita 5 mimi huhesabu chache, 5 mpaka 10 za wastani, zaidi ya hapo nyingi. Yeye alikuwa na 6. Nyembamba, basi, na za wastani wa chini.

Lakini hiyo 6 nisingeiamini hivi hivi, kwa sababu ya mtoto. Nilipomuuliza aliniambia nywele zilianza kumtoka mtoto alipofikisha miezi mitatu, mafungu mafungu, mpaka zikaziba tundu la maji bafuni, akaogopa. Hilo ni jambo la kawaida baada ya kuzaa. Wakati wa mimba nywele nyingi hubaki kichwani kuliko desturi yake, kisha baada ya kujifungua huenda mapumzikoni kwa pamoja na kudondoka kwa pamoja, kwa kawaida kuanzia mwezi wa pili hadi wa nne. Wanawake wengi huwa wamerudi katika hali yao mtoto anapotimiza mwaka au kupita kidogo. Nilipozipandisha nywele za mapanja nikazikuta changa zimechomoza, sentimita 5 na kitu. Nywele hukua kama sentimita 1.2 kwa mwezi, kwa hiyo hesabu iliafikiana na maneno yake: miezi minne au mitano tangu zianze kurudi. Nilikuwa naupima mkia wakati maji yamekupwa. Yatajaa, ila siku ile hayakuwa yamejaa, na mkato unakatwa kwa nywele zilizopo.

Jambo la pili lilijitokeza nilipomsogeza mlangoni kwenye mwanga. Kutoka kwenye ngozi kushuka, sentimita 19 au 20 za mwanzo zilikuwa rangi yake ya kuzaliwa, kahawia iliyokolea. Kuanzia hapo mpaka nchani zilikuwa na wekundu wa hina. "Uliacha lini?" Akasema alipopata mimba tu, harufu ilimtapisha, na tangu hapo hajarudia, miezi 16 sasa. Kwa anayekata nywele habari hiyo ni kubwa. Rangi ya hina hushika kwenye unywele wenyewe, na mwenye kupaka kila mwezi kwa miaka huwa na unywele wenye mwili zaidi, unakamatika, una ugumu kidogo. Maana yake yule mwalimu alikuwa na nywele za aina mbili kichwa kimoja: za chini zilizozoea hina, na za juu laini kabisa, ambazo yeye mwenyewe hakuwahi kuziona zikisimama peke yake tangu alipokuwa msichana. Piksi ingetupa chini hina yote na kumbakishia sentimita 8 za nywele zile laini zaidi. Zile zilizosimama kwenye picha zilikuwa nywele za mtu mwingine, na yeye hakujua zake zingefanya nini.

La tatu lilikuwa kisogo. Upande wa kushoto, chini kabisa karibu na shingo, nywele zake zinaota kuelekea juu. Wengi tunazo hivyo na hatujui, kwa sababu uzito wa nywele za juu unazilaza. Kwenye piksi hakuna cha kuzilaza. Sentimita 2 za nywele zinazoota juu zitasimama kama manyoya ya kifaranga kila asubuhi, na dawa yake ni ama kuzinyoa karibu na ngozi ama kuziacha ndefu. Utosini kulia napo palikuwa na mzunguko, pale nywele zinapojisokota kama maji ya kuvuja, na katikati ya mzunguko ngozi ilionekana hata zikiwa kavu. Nilizilowesha kwa chupa ya kupulizia nione. Zikishalowa, utosi ulionekana upana wa sarafu.

Hapo ningeweza kumwambia piksi hapana, bobu ndiyo, tukamaliza. Sikufanya hivyo, kwa sababu mbili. Kwanza, piksi kwa upande mmoja ingemfaa kuliko zote: yeye yuko ndani ya mtandio tangu saa moja asubuhi mpaka saa nane mchana, na nywele fupi hazina cha kufunga, hazina mkunjo wa kibanio, ukivua unapitisha mkono wenye maji zimeamka. Ninaye mteja mtu mzima, bibi wa wajukuu, nywele nyembamba kama hizi lakini nyingi, kisogo kimetulia, ana piksi miaka sita na hataki nyingine. Pili, mteja ukimkatalia kwa maneno anaondoka na kiu yake, anaenda kukatwa penginepo.

Basi nikamwambia: mikato hii mitatu iko kwenye njia moja, kama vituo vya daladala. Bobu ndefu iko mwanzo, bobu katikati, piksi mwisho. Anayeshuka kituo cha kwanza anaweza kupanda tena, anayefika mwisho harudi kwa miguu. Kutoka piksi mpaka bobu ya tayani kuna kama sentimita 15 za kuotesha, yaani mwaka na zaidi. "Tutakata kwa vituo, kila kituo tunakausha na kuangalia. Na kila kituo unavaa mtandio."

Alicheka hilo la mtandio. Lakini nywele za singa zilizolala karibu zote hupendeza kwenye kioo cha saluni, dakika tano baada ya draya. Joto la draya linazipa umbo, na unyevu unalivunja. Hewa ya masika hapa kwetu haingoji hata ufike Darajani. Mkato wa mwenye kujifunika nauhukumu baada ya kuvua.

Nikamuosha kwa shampuu mara mbili, kwa sababu maji ya visima vyetu yanatoka kwenye mawe ya matumbawe, yana chokaa, na chokaa hukaa kwenye unywele kama ukungu. Suuza ya mwisho nikatia vijiko viwili vya siki kwenye lita moja ya maji. Kondishena niliipaka ncha tu, kiasi cha punje ya njugu mawe, na shinani sikupeleka mkono.

Kituo cha kwanza. Nikazigawa mafungu manne kwa vibanio, kichwa akiinamishe kidogo mbele, nikaanza kisogoni kwa tabaka jembamba la sentimita 1. Kitana kinalala kwenye shingo, nywele hazivutwi wala haziinuliwi, mkasi unakata mlalo. Kila tabaka linalofuata linashushwa juu ya la kwanza na kukatwa pale pale. Kwa nywele nyembamba hapa hapana ubunifu. Ncha zote zikitua sehemu moja, ukingo unakuwa mzito machoni, unaonekana kama una nywele maradufu. Ukianza kuzipandisha tabaka nyingine juu, zile fupi zinaondoka kwenye ukingo, na unabaki na ncha zinazopenyeza mwanga kama pazia la chandarua. Niliukata mstari vidole viwili juu ya mtulinga, kama sentimita 20 zikaenda chini.

Tulipokausha, tofauti ilikuwapo. Zile ncha za zamani zilizochakaa ziliondoka na ukingo ukajaa. Yeye mwenyewe alisema, "Kumbe ninazo." Mimi sikuridhika. Utosi ulikuwa umelala vile vile, pembeni zilishikamana na mashavu na kumrefusha uso, na yeye uso wake ni mrefu tayari. Begani, zile ndefu zaidi ziligusa nguo na kugeuka: kulia zilipinda ndani, kushoto nje. Bobu ndefu ina ugonjwa huo kila inapokaribia bega, na nywele zisizo na ukakamavu hazishindani na bega.

Nikamwambia afunge kama anavyofunga siku zote: kibanio kidogo kisogoni, kofia ya ndani, mtandio juu. Tukanywa chai ya mchaichai nusu saa, akanihadithia mambo ya skuli. Alipovua, mkunjo wa kibanio ulikuwa umepita katikati ya nywele kama njia ya baiskeli, na juu ya mkunjo kila kitu kimelala bapa. Hoja ya dada yake kwamba bobu ndefu inafungika ni kweli. Ila kwa nywele hizi, kule kufungika ndiko kulikokuwa kunaziua. Muuguzi au mpishi anayelazimika kufunga kila siku ningemwachia hapo hapo na kumwambia avumilie. Mwalimu halazimiki.

Kituo cha pili ndicho kilichonichukua muda. Bobu ikatwe wapi? Kwa uso mrefu sipendi mstari utue kwenye kidevu chenyewe, unavuta jicho chini. Nikachagua usawa wa taya, upana wa kidole juu ya kidevu, ili ukingo mnene ukae pale mashavu yanapoanza kuishia na uso upate upana. Kisogoni nikafanya tofauti moja tu. Badala ya kulaza kitana kwenye shingo kabisa, matabaka matatu ya chini niliyainua upana wa kidole kutoka shingoni wakati wa kukata. Hivyo ncha zake hazitui mahali pamoja, zinapandana kidogo kama vigae, na zile za chini zinakuwa mto wa kuzisukuma za juu ziende nje. Huo ndio msaada wote nilioupa utosi. Ukiinua zaidi ya hapo kwa nywele chache, kisogo kinatoboka na ngozi inaonekana baina ya matabaka. Pia niliziacha zile za kushoto zinazoota juu zikiwa ndefu vya kutosha kubanwa na wenzake.

Mkasi wa meno sikuugusa, wala wembe. Nasema hili kwa sababu niliwahi kuugusa. Miaka ya nyuma nilimpunguzia mteja wa aina hii ncha kwa mkasi wa meno, nikidhani nazipa wepesi. Zile fupi zilizobaki katikati hazikuwa na nguvu ya kuinua chochote, zikawa vumbi la nywele, na ukingo ukamwagika. Ilibidi nimpandishe sentimita 4 kuupata mstari tena. Mkasi ule ni wa wenye nywele nyingi.

Siku ile pia nilikosea, kwa jambo jingine. Niliukata mstari wote zikiwa mbichi mpaka kipimo cha mwisho. Zilipokauka, kona ya kushoto nyuma ikapanda nusu sentimita juu ya kulia, kwa sababu ya nywele zile zinazoota juu, ambazo nilikuwa nimeziona kwa macho yangu saa moja kabla. Nikalazimika kuupandisha mstari wote uifuate kona. Haikumharibia, lakini nilikuwa nimejiachia njia moja tu. Ilipasa niache sentimita 1 zikiwa mbichi na kumalizia kavu, kichwa kimenyooka, mimi nimesimama mbali hatua mbili.

Zile changa za mapanja zilibaki tatizo. Kwenye piksi zingepotea miongoni mwa wenzao. Kwenye bobu zilisimama pembeni mwa paji kama ndevu za kambale. Nikampasulia njia upande wa kulia badala ya katikati, kwa mstari wa kupinda kama mchirizi wa maji, si wa kunyooka, ili ngozi isionekane kama barabara na zile changa zifunikwe na nywele zinazovuka kutoka upande wa pili. Nywele zilizozoea kulala upande mmoja maisha yote, ukizigeuza zinapinga, na kule kupinga ndiko kunakozinyanyua shinani.

Kisha mtandio tena. Hapa bobu ilionyesha kasoro yake: haifungiki, na za mbele zinateremka shavuni na kuchungulia. Tulijaribu kofia ya pamba, ikazikamata lakini ikazikunja. Ya satini ilikuwa bora, zinateleza chini yake bila kupinda. Lililofanya kazi hasa ni namna ya kuivaa. Nilimwambia asizilaze upande anaotaka zikae. Azichane zote nyuma, kinyume cha njia, ndipo avae. Nusu saa nyingine. Alipovua aliinamisha kichwa, akapitisha vidole shinani, akainuka. Zile zilizobanwa kuelekea nyuma zilirudi mbele zikiwa zimebeba kipinde kidogo kwenye shina. Utosi ulikaa juu, si kama wa picha, lakini ule mzunguko wa kulia ulifunikwa na ngozi haikuonekana.

"Na piksi?" akauliza, akiwa bado kwenye kioo.

Nikamwambia sababu zangu kama nilivyoziandika hapa: maji yamekupwa, utosi uko wazi, nywele za juu hazijawahi kujaribiwa bila hina, kisogo kinaota juu. Nikaongeza la safari. Piksi inataka mkasi kila wiki 5, maana sentimita moja na kitu kwenye nywele za sentimita 2 ni umbo jipya. Hiyo ni mara 10 au 11 kwa mwaka, kutoka Mwera, na mtoto. Bobu inastahimili wiki 8. Mama mkwe sikumtia kwenye hesabu, ingawa yeye alinong'ona kwamba piksi ingemletea maneno nyumbani wiki nzima.

Lakini maneno hayapimi nywele, kwa hiyo nikamfanyia kipimo. Chini ya tabaka la juu la utosi, mahali pasipoonekana, nilichagua kishungi cha upana wa kidole nikakikata sentimita 7, urefu wa piksi. "Kiangalie kila unapovua. Kikisimama chenyewe, tutazungumza. Kikilala, umepata jibu bila kuomboleza kichwa kizima." Kipimo hiki kina mipaka yake, kwa sababu kishungi kinabanwa na uzito wa nywele zilizo juu yake. Kwa hiyo akitaka kukihukumu apandishe za juu kwa kibanio, akiloweshe, kikauke kwa hewa tu.

Mafuta ya nazi sikumkataza. Ni miongoni mwa mafuta machache yanayoingia ndani ya unywele na kuukinga usipoteze nguvu wakati wa kuoshwa, kwa hiyo mama mkwe hakukosea kuyapenda. Alikosea saa. Nusu kijiko cha chai, kwenye ncha, saa moja kabla ya kuosha, kisha yaoshwe. Yakipakwa baada ya kuosha, nywele nyembamba zinashikana matawi matawi na ngozi inachungulia katikati. Na ngozi ya kichwa ina mafuta yake, ambayo kwenye nywele zilizonyooka huteremka bila kizuizi. Ndiyo maana yeye zilikuwa zinaonekana chafu siku ya pili. Nikamwambia aoshe siku moja, aache moja.

Alirudi baada ya wiki 9, kusi imeshaanza, hewa kavu zaidi. Mstari ulikuwa umeshuka sentimita 2 na nusu, ncha zinagusa shingo na kuanza kugeuka nje, ugonjwa ule ule wa bega umehamia shingoni. Changa za mapanja zilifika 8, zimeanza kujiunga na wenzake. Utosini ngozi ilikuwa imefunikwa zaidi kuliko mwanzo, ila mtoto alikuwa na miezi kumi tu, bado maji hayajajaa.

Akazipandisha za juu mwenyewe, akanionyesha kishungi. Kilikuwa kimelala kwenye ngozi kama kitoto kilichoshiba. Tulikilowesha, tukakisubiri kikauke, kikalala vile vile.

"Hata hakijaribu," akasema.

"Hakijaribu, mwanangu. Tutakipima tena mtoto akishapita mwaka."

Akakaa kitini, akainamisha kichwa mbele, nami nikachukua kitana nianze kisogoni.